Shule 75 za Busia: Dawa ya Minyoo na Ripoti Iliyokubali Kukaguliwa

Mwaka 1998, katika tarafa za Budalang'i na Funyula wilayani Busia, magharibi mwa Kenya, kulianza mradi wa majaribio wa kuwapa watoto wa shule za msingi dawa ya minyoo. Mradi uliendeshwa na shirika lisilo la kiserikali la ICS Africa kwa kushirikiana na ofisi ya afya ya wilaya. Shule zilikuwa 75 na wanafunzi zaidi ya 30,000. Dawa zenyewe hazikuwa ngeni: albendazoli kwa minyoo wa tumbo, na prazikwanteli kwa kichocho katika shule zilizo karibu na Ziwa Victoria, ambako ugonjwa huo umeota mizizi. Hakuna aliyekuwa akiuliza kama vidonge hivyo vinaua minyoo. Waliotaka kujua zaidi walikuwa wachumi wawili, Edward Miguel na Michael Kremer, na swali lao lilikuwa jingine: je, mtoto aliyetibiwa minyoo atahudhuria shule kuliko ambaye angeachwa bila kutibiwa?

Neno zito katika swali hilo ni "angeachwa". Mtoto mmoja hawezi kutibiwa na kuachwa kwa wakati mmoja, kwa hiyo inabidi atafutwe mwingine wa kusimama mahali pake. Ripoti ya tathmini ya mradi wowote wa majaribio inasimama au kuanguka kwa uzuri wa huyo mwingine. Ripoti ya Busia, iliyochapishwa mwaka 2004 katika jarida la uchumi la Econometrica, imesomwa na kubishaniwa kuliko nyingi za aina yake, na sehemu kubwa ya ubishi huo inahusu hasa kundi la kulinganisha: lilichaguliwaje, lilikaa safi kiasi gani, na nini kilipimwa ndani yake.

Njia ya mkato ingekuwa kuwatazama waliomeza dawa na wasiomeza ndani ya shule ileile, kisha kuhesabu nani huhudhuria zaidi. Ukiifikiria kwa makini utaona inavyopotosha. Dawa hutolewa shuleni, siku moja iliyopangwa. Anayeimeza ni yule aliyekuja siku hiyo. Mtoro wa kudumu, anayechunga ng'ombe au kumlea mdogo wake nyumbani, ana uwezekano mkubwa wa kuikosa. Ukilinganisha makundi hayo mawili utaona waliomeza wanahudhuria zaidi, na utaipa dawa sifa ambayo ni ya mahudhurio yenyewe. Hata kidonge kisicho na dawa ndani yake kingeonyesha "mafanikio" hayo.

Huko huko Busia, na katika wilaya jirani ya Teso, kuna jambo lililoonyesha hatari hii waziwazi. Kremer na wenzake walichunguza chati kubwa za ukutani za kufundishia. Walipolinganisha shule zilizokwisha kuwa na chati na zile zisizokuwa nazo, wanafunzi wa shule zenye chati walifanya vizuri zaidi katika mitihani, na mtu angeweza kuandika ripoti na kuomba fedha za chati kwa nchi nzima. Baadaye shule 178 zilishirikishwa katika jaribio ambamo nusu yake ziligawiwa chati bila kujali uwezo wao. Tofauti ikatoweka. Maelezo yaliyo dhahiri ni kwamba shule zilizokuwa na chati tangu awali zilikuwa na mengine pia, kama wazazi wenye uwezo au mwalimu mkuu mchangamfu, na hayo ndiyo yaliyobeba alama.

Kwa hiyo mradi wa minyoo ulipangwa kwa namna ambayo hakuna shule iliyojichagua. Shule zilipangwa kwanza kwa kanda na kwa kuangalia kama tayari zilikuwa na misaada ya miradi mingine. Kisha majina yakaorodheshwa kwa alfabeti, na kila shule ya tatu ikaingia katika kundi lake. Yakapatikana makundi matatu ya shule 25. Kundi la kwanza lilianza kupata dawa mwaka 1998, la pili mwaka 1999, na la tatu mwaka 2001. Hakuna lililonyimwa moja kwa moja. Yaliyotangulia na yaliyosubiri yalitofautiana kwa wakati tu. Mwaka 1998 kundi la kwanza lilikuwa ndilo la mradi, na mengine mawili yakawa ya kulinganisha. Mwaka uliofuata kundi la pili likavuka upande.

Kuhesabu kwa alfabeti si sawa na kupiga kura. Msomaji mkali atasema mtu mwenye orodha angeweza kujua mapema shule gani itaangukia wapi. Ni kweli, na wakosoaji walilisema. Kwa upande mwingine, ni vigumu kuona jinsi herufi ya kwanza ya jina la shule ingehusiana na wingi wa minyoo matumboni mwa watoto, na waandishi walichapisha majedwali yanayoonyesha makundi yalivyofanana kabla ya dawa. Mimi naliona hili kuwa doa dogo. Yapo makubwa zaidi.

Tuone kwanza walichopima. Minyoo hupimwa kwa kinyesi. Fundi wa maabara huchukua kipimo kidogo sana cha choo, hukipitisha kwenye chujio, hukijaza katika kitundu cha kipimo maalumu juu ya kioo na kukifunika kwa karatasi laini iliyolowekwa. Kisha huhesabu mayai kwa darubini na kuzidisha ili kupata idadi ya mayai kwa kila gramu. Idadi hiyo ina maana kubwa kuliko jibu la "yupo" au "hayupo", kwa sababu mtoto mwenye minyoo wachache huenda asiumwe kabisa, ilhali mwenye mzigo mkubwa hupungukiwa damu, huchoka na hudumaa. Katika shule za kundi la kwanza, kabla ya dawa, asilimia 92 ya watoto waliopimwa walikuwa na angalau aina moja ya maambukizi: safura, minyoo ya mviringo, minyoo mjeledi au kichocho. Waliobeba mzigo wa wastani au mkubwa walikuwa zaidi kidogo ya theluthi moja.

Lakini je, hali ilikuwaje katika makundi mawili yaliyosubiri? Hakukuwa na vipimo. Watafiti waliona si haki kuchukua kinyesi cha mtoto, kumkuta na minyoo, kisha kumwacha bila dawa mwaka mzima. Ni uamuzi wa utu ninaoukubali kabisa, lakini uliigharimu ripoti: hakuna picha ya mwanzo ya minyoo kwa kundi la kulinganisha. Inabidi tuamini kwamba makundi yalianza sawa kwa sababu ya namna yalivyogawanywa, na kwa sababu yalifanana katika mambo mengine yaliyopimwa. Mapema mwaka 1999, muda mfupi kabla ya kundi la pili kuanza dawa, makundi mawili ya kwanza yalipimwa pamoja. Wenye mzigo wa wastani au mkubwa walikuwa asilimia 27 katika kundi lililotibiwa na asilimia 52 katika kundi lililosubiri.

Angalia hiyo 52. Iko juu sana kuliko hali ya kundi la kwanza mwaka mmoja nyuma. Mapema mwaka 1998 mvua za El Niño zilikuwa zimefurika eneo hilo, na udongo wenye majimaji ni makao mazuri ya mabuu ya safura. Ingekuwa ripoti ya kawaida ya "kabla na baada", ingelinganisha kundi la kwanza na lenyewe, mwaka kwa mwaka, na kuona maambukizi yameshuka kutoka kama theluthi moja hadi robo. Dawa ingeonekana kufanya kazi ndogo tu. Kundi la kulinganisha ndilo lililoonyesha kwamba mwaka ule ulikuwa mbaya, na kwamba bila dawa watoto hao wangekuwa katika hali mbaya zaidi. Hapa ndipo faida ya kundi la pili inapoonekana kwa macho.

Mahudhurio yalipimwa kwa miguu. Rejista za walimu haziaminiki kwa kazi kama hii. Mwalimu aliyeelemewa na wanafunzi huweza kuijaza mwisho wa wiki kwa kukumbuka. Kwa hiyo wakusanyaji wa takwimu walifika shuleni kwa kushtukiza, mara kadhaa kwa mwaka, katika shule za makundi yote matatu. Walikuja na orodha ya majina waliyoyaandika mwanzoni mwa mradi, wakaingia darasani, wakaita jina kwa jina. Aliyepo aliandikwa yupo. Aliyeacha shule hakufutwa katika orodha. Aliendelea kuhesabiwa kuwa hayupo. Ni kanuni yenye maana kubwa. Ukifuta walioacha shule, darasa lililopoteza watoro wake wote litaonekana kuwa na mahudhurio mazuri kuliko yote.

Kanuni ya pili inafanana nayo. Kila mtoto alihesabiwa katika kundi la shule alikoandikishwa mwanzoni, awe alimeza dawa au hakumeza, awe alihama au alibaki. Si wote waliomeza. Katika mwaka wa kwanza, karibu robo ya wanaostahili hawakupata dawa, wengi kwa kuwa hawakuwepo siku ile. Wasichana wa miaka 13 na zaidi hawakupaswa kupewa kabisa, kwa hofu kwamba huenda baadhi ni wajawazito na dawa ingemdhuru mtoto tumboni. Kuwachanganya wote hawa pamoja na waliomeza kunapunguza ukubwa wa tofauti inayoonekana. Hata hivyo ndiyo njia ya haki, kwa sababu inapima kile ambacho serikali ingekipata kweli kama ingepeleka dawa shuleni: shule yenye waliomeza na waliokosa, jinsi shule zilivyo.

Matokeo makuu yalikuwa haya. Utoro katika shule zenye dawa ulipungua kwa kiasi cha robo. Alama za mitihani iliyotungwa na mradi hazikubadilika. Waandishi waliliandika hili la pili bila kulificha, mahali ambapo kila msomaji wa muhtasari angeliona, ingawa ndilo jambo ambalo wafadhili wa elimu wangependa sana kulisikia kinyume chake. Nawapa sifa kwa hilo. Ripoti nyingi za miradi hupeleka matokeo ya aina hiyo kwenye kiambatisho.

Sasa tufike kwenye ugumu halisi wa kesi hii, ambao ndio ulioifanya iwe mashuhuri. Mabuu ya safura huingia kwa ngozi ya mguu wa mtoto anayekanyaga peku udongo uliochafuliwa na kinyesi. Mayai ya minyoo mingine humezwa pamoja na vumbi au chakula. Vijidudu vya kichocho humngoja aogaye ziwani. Mtoto aliyetibiwa hatoi mayai mengi tena, kwa hiyo udongo wa njia ya shule na maji ya ufukweni hupungukiwa na uchafu huo, na jirani yake asiyetibiwa hunufaika. Shule za Budalang'i na Funyula ziko karibu karibu. Ndugu wa nyumba moja huweza kusoma shule tofauti. Kundi la kulinganisha, kwa maana hiyo, lilikuwa likipata sehemu ya dawa bila kuimeza.

Hesabu ndogo ya kubuni itaonyesha madhara yake. Tuseme bila mradi wowote watoto 50 kati ya 100 wangekuwa na mzigo mkubwa. Katika shule ya mradi wanashuka hadi 25. Katika shule jirani isiyo na mradi, kwa sababu ya udongo safi zaidi, wanashuka hadi 40. Mwenye kuandika ripoti ataona 25 dhidi ya 40 na kusema mradi umewaokoa watoto 15 katika kila 100. Kumbe umewaokoa 25 katika shule moja na 10 katika nyingine, na hao 10 wamehesabiwa dhidi ya mradi badala ya kuhesabiwa upande wake. Na kama dawa ingegawiwa kwa mtoto mmoja mmoja ndani ya darasa moja, kama tafiti nyingi za nyuma zilivyofanya, uvujaji ungekuwa mkubwa zaidi na dawa ingeonekana dhaifu zaidi.

Miguel na Kremer walilitambua tatizo hili tangu mwanzo, ndiyo maana wakagawa dawa kwa shule nzima nzima. Kisha wakaenda mbele na kujaribu kuupima uvujaji wenyewe kwa njia mbili. Ya kwanza ilikuwa ndani ya shule. Waliwatazama watoto wa kundi la kwanza ambao mwaka 1998 hawakumeza dawa, wakawalinganisha na watoto wa kundi la pili ambao nao mwaka 1999, dawa ilipowafikia shuleni kwao, hawakumeza. Angalia ustadi wa ulinganisho huo: wote ni watoto wa aina ya "wasiomeza", kwa hiyo ile hitilafu ya watoro niliyoitaja awali inakuwepo pande zote mbili. Wasiomeza waliozungukwa na waliomeza walikuwa na maambukizi mazito machache kuliko wenzao.

Njia ya pili ilitazama umbali. Kwa kila shule walihesabu ni wanafunzi wangapi wa shule za dawa waliopo ndani ya kilomita 3, na wangapi kati ya kilomita 3 na 6, kwa sababu mgawanyo wa kialfabeti ulizifanya baadhi ya shule zizungukwe na nyingi za mradi na nyingine chache. Ripoti ikasema faida ilifika hadi kilomita 6. Kwa kuijumlisha faida hiyo ya majirani, gharama ya kumpatia mtoto mwaka mmoja zaidi wa masomo ilionekana ndogo kupita kiasi.

Hapo ndipo palipokuwa na kosa. Programu ya kompyuta iliyopaswa kuhesabu shule zote zilizomo ndani ya kilomita 6 ilikuwa ikihesabu 12 tu zilizo karibu zaidi. Kwa shule iliyo mahali penye majirani wachache hilo halikuleta shida. Kwa shule iliyo katikati ya msongamano, majirani wa mbali waliachwa nje ya hesabu. Kasoro hiyo haionekani katika jedwali lolote lililochapishwa. Msomaji asingeweza kuigundua kwa kusoma, hata angekuwa mjuzi namna gani.

Iligunduliwa kwa sababu waandishi walitoa takwimu zao na programu zao kwa yeyote aliyetaka kuzikagua, pamoja na maelezo ya udhaifu waliokuwa wakiujua. Wataalamu wa epidemiolojia wa Chuo cha Usafi na Tiba za Tropiki cha London walizichukua na kurudia kila hesabu. Matokeo yao yalitoka mwaka 2015 katika makala mbili. Ya kwanza ilifanya upya hesabu zilezile kwa njia zilezile, makosa yakiwa yamesahihishwa. Kupungua kwa minyoo mizito kulibaki. Kupungua kwa utoro katika shule zenye dawa kulibaki pia, karibu kwa kiasi kilekile. Faida kati ya kilomita 3 na 6 haikuonekana tena. Madai kwamba upungufu wa damu ulipungua hayakusimama, maana tofauti ilikuwa ndogo na ilitegemea makosa madogo ya kukadiria tarakimu.

Makala ya pili iliuliza kama njia zenyewe zilifaa, na hapa wasomi waligawanyika kweli kweli. Hoja yao ya kwanza ni kwamba kila mtu alijua nani anapata dawa. Hakukuwa na kidonge kitupu kwa wale wanaosubiri. Mzazi aliyesikia kwamba shule ya mwanawe imechaguliwa huenda alimhimiza zaidi kwenda, na mkusanya takwimu aliyejua kundi la shule huenda, pasipo nia mbaya, aliita jina la mtoto mara moja zaidi. Hoja ya pili ni kwamba dawa haikuja peke yake. Shule za mradi zilipata pia mafunzo ya usafi: kunawa mikono, kuvaa viatu, kuepuka kuoga ziwani. Waandishi wa awali walikuwa wamepima tabia hizo na hawakuona mabadiliko, kwa hiyo waliona ni dawa iliyofanya kazi. Jibu hilo linaniridhisha kwa kiasi kuliko kwa hoja ya kwanza, ambayo haina jibu la kitakwimu, aliyejua alijua.

Hoja ya tatu ni ya kihesabu. Watafiti wa London walitenganisha miaka. Mwaka 1998 peke yake, na mwaka 1999 peke yake, ushahidi kuhusu mahudhurio ulidhoofika, na tofauti ziliweza kuelezwa kwa bahati. Ni pale tu miaka ilipounganishwa ndipo ushahidi ulipokuwa na nguvu. Waliona pia kwamba idadi ya ziara za kushtukiza katika shule ilihusiana na mahudhurio yaliyoandikwa, na kwamba uhusiano huo haukuwa sawa katika makundi yote, jambo linalofanya uzito unaopewa kila shule kuwa na athari katika jibu. Miguel, Kremer na mwenzao Joan Hicks walijibu kwamba ukikata takwimu vipande viwili lazima kila kipande kiwe dhaifu, na kwamba kuvuka kwa kundi la pili mwaka 1999 ndiko hasa kunakotoa taarifa bora, kwa kuwa shule ileile inaonekana ikiwa bila dawa na kisha ikiwa nayo. Wote wana haki ndani yake. Usisahau kwamba ingawa watoto walikuwa zaidi ya 30,000, dawa iligawiwa kwa shule, na shule ni 75. Mwalimu mkuu mmoja akihamishwa, au daraja moja likisombwa na mafuriko, mahudhurio ya mamia ya watoto husogea kwa pamoja. Kwa mtakwimu huo ni msogeo mmoja, hata kama majina katika orodha ni mengi.

Mabishano hayo yalipata majina makali katika magazeti ya Ulaya, na baadhi ya vichwa vya habari vilisema dawa ya minyoo imethibitika kutokuwa na faida. Hakuna makala hata moja kati ya zile mbili iliyosema hivyo. Ilichosema ni kwamba ushahidi wa Busia kuhusu mahudhurio upo, lakini si imara kama ulivyodhaniwa. Mapitio ya Cochrane, ambayo hukusanya majaribio mengi ya nchi mbalimbali pamoja, yameona faida ndogo au isiyoonekana ya kuwapa watoto wote dawa bila kuwapima kwanza. Wanaotetea mradi wa Busia hujibu kwamba majaribio mengi kati ya hayo yalifanyika mahali penye minyoo wachache, au yaligawa dawa mtoto kwa mtoto na kuuacha uvujaji umeze tofauti. Ukikumbuka hesabu yetu ya 25, 40 na 50, utaona kwa nini jibu hilo si la kukwepa.

Kuna tanzu moja ya mradi huo ambayo matokeo yake hayakubishaniwa sana, pengine kwa sababu tofauti ilikuwa kubwa mno. Mwaka 2001 baadhi ya shule, zilizochaguliwa pia kwa kubahatisha, zilitakiwa wazazi wachangie kidogo gharama ya dawa, ilhali nyingine ziliendelea kupewa bure. Mahali palipokuwa bure, karibu robo tatu ya watoto walitibiwa. Mahali palipochangishwa, walitibiwa asilimia 18 tu. Na watoto wagonjwa zaidi hawakuwa ndio waliolipiwa. Aliyekuwa akipanga mradi ujitegemee kwa michango ya wazazi alipata jibu lake hapo.

Watoto waliokuwa katika orodha za 1998 sasa ni watu wazima. Watafiti wameendelea kuwafuatilia, Busia, Nairobi, Uganda na kwingineko walikohamia, na hilo ni kazi ngumu kuliko inavyosikika, kwa kuwa mradi unaowapoteza wahamaji huwapoteza mara nyingi wale waliofanikiwa au waliokwama kabisa. Mwaka 2021, takriban miaka 20 baada ya dawa ya kwanza, walichapisha kwamba waliotangulia kutibiwa walikuwa na mapato ya saa ya kazi yaliyozidi kwa asilimia 13, na matumizi ya nyumbani kwa asilimia 14. Ni tofauti kubwa kwa vidonge vya senti chache. Ni tofauti pia yenye mipaka mipana ya makosa, kwa sababu ileile ya shule 75. Ukweli unaweza kuwa mdogo zaidi ya hapo kwa kiasi kikubwa. Kremer, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019 kwa kazi za aina hii akiwa na Abhijit Banerjee na Esther Duflo, ameuambatanisha mradi huo na takwimu zilizo wazi hadi leo.

Kasoro moja ya matokeo hayo ya miaka 20 haiwezi kurekebishwa na mtu yeyote, na waandishi wenyewe wanaitaja. Kundi la tatu lilitibiwa kuanzia 2001, kama lilivyoahidiwa. Kisha mwaka 2009 Kenya ilianza kutoa dawa ya minyoo katika shule za sehemu nyingi za nchi. Kwa hiyo kinacholinganishwa leo si waliotibiwa na wasiotibiwa. Ni waliotibiwa mapema na waliotibiwa baadaye, ambao wanapishana kwa wastani wa zaidi kidogo ya miaka miwili ya dawa, na baadhi ya wa kundi la tatu walikuwa wamekwisha kuacha shule kabla zamu yao haijafika. Hao wa mwisho, waliokosa kabisa, ndio wachache waliobaki kuwa kundi la kulinganisha kwa maana kamili, na hawakuchaguliwa kwa alfabeti. Waliacha shule kwa sababu zao, ambazo hakuna dodoso la mwaka 1998 lililoziuliza.